Sevu ya chini na seti kwa wanaoanza: lini ukuta, lini mwenzake

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi na nimekabidhiwa timu ya mpira wa wavu ya darasa la tano na la sita, watoto 24. Sevu zao za chini nyingi zinaishia kwenye wavu au zinatoka kushoto. Wakiseti wanaupiga mpira makofi, na wengine wanalalamika vidole vinauma. Nina mipira 6, wavu mmoja na ukuta wa stoo usio na dirisha. Nianze na ukuta au na kurushiana wawili wawili? Na nitajuaje kuwa wako tayari kwa hatua inayofuata?*

Marahaba, mwalimu. Kwanza ukunje huo wavu, uuweke stoo kwa muda. Mtoto anayejifunza sevu akiwa mita 9 kutoka kwenye wavu hufikiria nguvu tu. Anaurusha mpira juu, anakunja kiwiko, anaupiga kwa mwili mzima, na hata ukivuka hajui umevuka kwa nini. Ukuta unamwondolea mzigo wa umbali, akabaki na kazi moja: mkono wake na mpira.

Kuhusu ukuta na mwenzake, utavitumia vyote viwili, ila kwa mpangilio tofauti kwa kila ufundi. Kwenye sevu, anza na ukuta na ukae hapo muda mrefu, halafu ndipo mwenzake aingie. Kwenye seti ni kinyume chake: anza na mwenzake anayerusha, mtoto adake tu, kisha nenda ukutani, kisha urudi kwa mwenzake. Sababu ni kwamba mpira wa sevu anayeanza ameushika mwenyewe, lakini mpira wa seti unamjia kutoka hewani, na asiyejua kuusoma ukishuka ataharibikiwa ukutani.

Tuanze na sevu. Chukua chaki au mkaa, uchore ukutani mstari wa urefu wa wavu wenu. Wavu wa wanawake wakubwa una mita 2.24 na wa wanaume mita 2.43, kwa watoto wako mimi ningechora kwenye mita 2.10 hivi. Juu yake, mita moja na nusu zaidi, chora mstari wa pili. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ndiyo shabaha. Kisha weka alama chini kwenye mita 3, mita 6 na mita 9 kutoka ukutani. Uzuri wa shabaha hii ni kwamba haibadiliki. Mpira uliopigwa kwa mwinuko unaofaa sevu ya chini utaangukia humo ukitoka mita 3, na utaangukia humo ukitoka mita 9. Kinachoongezeka mtoto akirudi nyuma ni nguvu tu, mwinuko unabaki uleule. Akilielewa hilo kwa mwili wake akiwa karibu, kurudi nyuma hakutamtisha.

Nitaeleza kwa anayetumia mkono wa kulia; wa kushoto wageuze tu. Mguu wa kushoto uko mbele, vidole vyake vinatazama shabaha, na uzito wa mwili umelala mguu wa nyuma. Mkono wa kushoto umeushika mpira kwa chini, usawa wa kiuno, mbele ya nyonga ya kulia. Nasisitiza nyonga ya kulia kwa sababu nitairudia. Mkono wa kulia unarudi nyuma ukiwa umenyooka, kisha unakuja mbele kama bembea, kutoka begani, bila kiwiko kukunjwa. Uzito unahamia mguu wa mbele wakati huohuo. Mpira unapigwa kwa kitako cha kiganja, ile sehemu ngumu iliyo karibu na kifundo, chini kidogo na nyuma ya mpira. Mkono unamalizia ukielekea shabaha. Wengine hupiga kwa ngumi. Inakubalika kisheria, lakini mafundo ya vidole hayako sawasawa, kwa hiyo mpira hutoka kwa njia tofauti kila mara. Wafundishe kitako cha kiganja.

Sheria inataka mpira uachwe au urushwe kabla ya kupigwa. Wapo makocha wanaowaruhusu watoto waupige ukiwa bado kiganjani kwa siku za mwanzo. Mimi siwaruhusu, kwa sababu tabia hiyo ikishazoeleka kuitoa ni kazi, na mwamuzi wa kwanza watakayekutana naye ataipigia filimbi. Wafundishe kuondoa mkono wa kushoto kwa chini kidogo kabla ya pigo, mpira ubaki hewani papo hapo, au upande kwa shubiri moja tu. Ukipanda zaidi ya hapo, mtoto ana kazi mbili za kupatanisha, mpira unaopanda na kushuka na mkono unaokuja, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa.

Siku ya kwanza wapungie mkono bila mpira, kisha waende mita 3. Kila mtoto apige sevu tano, kisha ampishe mwingine. Kipimo cha kusonga mbele ni sevu saba katika kumi ndani ya shabaha, huku mkono ukibaki umenyooka. Akifikisha, arudi mita 6. Akirudi kukunja kiwiko ili apate nguvu, mrejeshe mita 3 bila kumfanya aone ameshindwa. Mwambie mkono umesahau, unakumbushwa. Watoto wako hawatasonga kwa pamoja, na haidhuru. Alama za chini zinakuruhusu kuwa na mmoja mita 3 na mwenzake mita 6 kwenye ukuta uleule, ilimradi wasisimame mmoja nyuma ya mwingine.

Ukuta una jambo jingine zuri kwenye sevu: unatoa ushahidi wa mwelekeo. Mpira uliopigwa moja kwa moja unarudi moja kwa moja kwa mpigaji. Uliopigwa kwenda kushoto unazidi kukimbilia kushoto ukirudi, na mtoto mwenyewe anauona kwa sababu ndiye anayeukimbiza.

Sasa hizo sevu zako zinazotoka kushoto. Chukua msichana mmoja wa mkono wa kulia, mpeleke mita 3, na usiutazame mpira unakokwenda. Tazama mkono wake wa kushoto tu. Karibu hakika utaona ameushika mpira mbele ya kitovu au hata mbele ya nyonga ya kushoto, kwa sababu mkono ulioushika uko upande huo na ndivyo anavyoona raha. Mkono wa kulia sasa hauwezi kuufikia mpira kwa kwenda mbele. Ni lazima ukatishe mwili, na mpira unafuata mkono. Ukimwambia "piga moja kwa moja" humsaidii, maana yeye anaamini anapiga moja kwa moja. Mwambie auhamishe mpira mbele ya nyonga ya kulia, kisha apige tano.

Sevu mbili au tatu zitanyooka. Zikirudi kushoto tena, msimamishe kando ya pembe ya jengo au kitu chochote kilichosimama wima, kiwe upande wake wa kulia kwa kadiri ya nusu mita, naye apige sambamba nacho. Mkono unaozunguka kwa nje kabla ya kuja mbele utagusa, na ataona kosa bila wewe kusema neno. Afanye pole pole mwanzoni, asijigonge. Ukiona mpira uko mahali pake, mkono umenyooka, na bado unakwenda kushoto, shuka chini ukatazame mguu wa mbele. Mara nyingi utakuta vidole vinatazama kushoto, na mabega yamefuata mguu.

Zinazoishia kwenye wavu nazo zina sababu zinazoonekana. Mpira ulioshikwa chini sana, karibu na paja, au karibu mno na mwili, hupigwa mkono ukiwa bado unakwenda mbele na haujaanza kupanda, kwa hiyo unatoka umelala. Ukutani utaugonga chini ya mstari wa kwanza. Dawa ni kuusogeza mpira mbele kidogo na kuupandisha hadi kiunoni. Sababu ya pili ni kupiga kwa vidole badala ya kitako cha kiganja. Hiyo utaisikia kabla ya kuiona, maana mlio wake ni hafifu na mpira unazunguka bila nguvu. Na wale ambao mpira unapaa juu ya vichwa vyao? Ama wameurusha juu mno, ama wamekunja kiwiko mwishoni mkono ukaenda juu badala ya mbele.

Kuna kitu ukuta hauwezi kukuambia, nacho ni urefu wa safari ya mpira. Sevu inaweza kuingia kwenye shabaha kutoka mita 9 ikiwa na nguvu ya kutoka nje ya uwanja, au ikawa dhaifu kiasi cha kuanguka mara tu baada ya wavu. Kwa sababu hiyo mtoto akishaimudu mita 6 ukutani, mpe mwenzake. Wasimame wakitazamana umbali wa mita 9 hivi, bila wavu, mmoja apige na mwingine adake. Kipimo ni kama mdakaji alilazimika kusogea zaidi ya hatua moja. Kisha ongezeni umbali kwa mita mbili mbili, na katikati fungeni kamba kwa urefu ule wa mita 2.10. Mtoto anayemfikia mwenzake kwa mita 14 juu ya kamba yuko tayari kwa wavu. Anzie mita 6 kutoka kwenye wavu, arudi nyuma kidogo kidogo hadi mstari wa mwisho. Hapo ndipo umkumbushe kwamba akiukanyaga mstari wakati anapoupiga mpira ni kosa, na kwamba baada ya filimbi ana sekunde 8.

Tuje kwenye seti, ambayo kwa kweli inahitaji subira zaidi. Makofi na maumivu ya vidole unayoyaona yana chanzo kimoja mara nyingi: mikono imechelewa. Mtoto anaungoja mpira mikono ikiwa kifuani, unapofika anairusha juu kuulaki, na vidole vilivyonyooka vinagongana na mpira unaoshuka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba mpira unapofika kileleni na kuanza kushuka, mikono tayari iko juu ya paji la uso. Kabla ya jambo hilo moja kukaa sawa, usirekebishe kingine.

Umbo la mikono lifundishe mpira ukiwa chini. Mtoto achuchumae, auzungushie mpira vidole vyote kumi vilivyotanuka, vidole gumba na vya shahada vifanye pembetatu, kisha auinue hadi juu ya paji la uso bila kubadilisha chochote. Viganja havigusi mpira. Sasa tazama vidole gumba. Vinatakiwa vielekee nyuma, kuelekea machoni pake. Vikichongoka mbele kuukabili mpira, siku moja mpira utakigonga kimoja kwenye ncha, kivimbe, na mtoto huyo ataogopa seti kwa mwezi mzima. Mipira nayo uiangalie. Kiwango rasmi cha upepo ni kati ya kilo 0.30 na 0.325 kwa sentimita mraba, lakini kwa hatua hizi punguza kidogo, hadi uweze kuubonyeza kwa kidole gumba ukaingia bila kutumia nguvu. Ule mpira mwepesi wa plastiki wa dukani pia unafaa kwa wiki ya kwanza. Mpira wa makaratasi usiutumie kwenye seti. Ni mzito na hauna mdundo, utawafundisha kusukuma kwa mabega.

Kisha wawe wawili wawili, umbali wa mita 3, mmoja arushe na mwingine adake juu ya paji la uso kwa umbo lile. Adake tu, asisukume. Akishadaka, abaki kama alivyo, na umwambie aachie mikono: mpira ukimwangukia kwenye paji la uso, alikuwa mahali sahihi. Ukimwangukia kifuani, aliuacha ukashuka mno au hakusogea chini yake. Watoto hulipenda zoezi hili na watalipima wenyewe bila wewe.

Hapa niseme kuhusu mrushaji, kwa sababu zoezi zima linategemea mikono yake na mara nyingi tunampuuza. Kurusha ni ufundi wa kufundishwa. Mrushaji aushike mpira kwa mikono miwili kutoka chini, aurushe bila kuuzungusha, upande hadi mita moja hivi juu ya kichwa cha mwenzake na kushuka. Mtihani wake ni huu: mwenzake asimame bila kugusa, na mpira umshukie kichwani. Anayerusha mpira mkali ulionyooka anamfundisha mwenzake kurudi nyuma na kupiga makofi, hata kama mwenzake ni mwanafunzi mzuri. Kwa hiyo nusu kipindi cha kwanza cha seti, wapime warushaji na si waseti. Na tazama jua: mwenye kuseti asilikabili, la sivyo atafumba macho mpira unapofika.

Wakishadaka vizuri, wadake na kusukuma: daka, tulia kidogo, nyoosha magoti na viwiko kwa pamoja, mpira umrudie mrushaji kwa upinde. Nguvu itoke miguuni. Kisha ufupishe ule utulivu hadi usiwepo tena. Wakati huo ndipo uwapeleke ukutani.

Ukutani wasimame karibu, nusu mita hadi mita moja, na wausukume mpira juu, mita moja hivi juu ya vichwa vyao. Wakisimama mbali mpira unarudi umelala, unawafikia usoni au kifuani, nao wanajifunza kuuseti mbele ya pua badala ya juu ya paji la uso. Ni kosa linalozaliwa na ukuta wenyewe, kwa hiyo ukiliona usimlaumu mtoto, msogeze karibu na umwelekeze juu zaidi. Waanze kwa kusukuma na kudaka, kisha mara mbili mfululizo, kisha tatu. Anayefikisha kumi bila mpira kuzunguka sana amemudu. Mzunguko wa mpira ndio shahidi wako: mpira unaozunguka kwa ubavu unasema mkono mmoja uligusa kabla ya mwingine. Mlio nao unasema. Seti nzuri haina kishindo.

Ukuta umemaliza kazi yake hapo, kwa sababu hauwezi kumfundisha kusogea. Mrudishe kwa mwenzake, na sasa mrushaji aupeleke mpira hatua moja kulia, hatua moja kushoto, hatua moja mbele. Miguu ifike kwanza, isimame, ndipo mikono ifanye kazi. Baada ya hapo ongeza mtu wa tatu ili wafanye pembetatu: mpira unatoka kwa mrushaji, unasetiwa kwenda kwa mwingine aliye pembeni. Hii ndiyo seti ya mchezoni. Wengi hapa humkabili mrushaji halafu wanaitupa mikono kwa ubavu, na mpira unazunguka. Wafundishe kugeuza miguu na nyonga kuelekea wanakopeleka kabla mpira haujafika.

Kwa hesabu yako, watoto 24 na mipira 6 ni makundi sita ya wanne. Weka matatu ukutani na matatu uwanjani, na katikati ya kipindi cha dakika 40 wabadilishane. Kila kundi la ukutani lipewe mita 3 za ukuta. Katika sevu, mmoja anapiga tano, wa pili anaokota, wa tatu anatazama kitu kimoja tu ulichomwambia, mathalani mpira uko mbele ya nyonga ipi, na wa nne anajiandaa. Katika seti, mmoja anarusha, mmoja anaseti, mmoja anapokea, na wa nne anatazama vidole gumba. Wiki za mwanzo zitakwenda hivi: makundi matatu yako kwenye sevu ya ukutani na matatu kwenye kurusha na kudaka. Baadaye yanapindana, sevu inatoka kwenda uwanjani na seti inaingia ukutani, kwa hiyo ukuta wako haubaki mtupu.

Wavu ukirudi, usiunganishe ufundi huu mara moja kwa kumfanya mtoto aiseti sevu ya mwenzake. Sheria inaruhusu kupokea kwa vidole, lakini sevu inakuja na kasi ambayo vidole vyao bado haviiwezi, na utayarudisha makofi yote uliyoyaondoa. Sevu ipokewe kwa mikono ya chini, na hilo ni somo lake peke yake. Kwa sasa, upande mmoja wapige sevu na upande wa pili wadake, kisha aliyedaka amrushie mwenzake aliye karibu na wavu kwa mikono miwili kutoka chini, kwa upinde uleule waliouzoea, na huyo aseti kwenda kwa wa tatu.